Makosa Yalianza Saa Ngapi

Mfumo wa miadi wa hospitali ulikuwa umegoma, na fundi wa seva alihisi macho yote yako kwake. Saa nne asubuhi ile alikuwa amebadilisha mipangilio ya hifadhidata. Sasa mkuu wake alitaka kujua makosa yalianza lini.

Faili la CSV, ambamo seva huandika kila tukio na muda wake, lilikuwa na mistari milioni tisini. Alipolifungua zima kwa programu aliyoiandika kwa lugha ya Python, kumbukumbu ya kompyuta ilijaa na programu ikakatika. Aliiandika upya: isome mistari laki moja kila mara, ichukue safu mbili tu, muda na aina ya tukio, ihesabu makosa ya kila saa, kisha ijumlishe hesabu za mafungu yote.

Jedwali lilipotokea, makosa yalikuwa yameruka ghafla saa moja asubuhi. Alishusha pumzi. Saa moja alikuwa bado nyumbani!

Kisha akakumbuka. Seva ile huandika muda wa kimataifa, ulio nyuma ya saa ya ukutani kwa saa tatu. Akaongeza tatu. Ikawa saa nne.

Angeweza kunyamaza. Lakini alilipeleka jedwali kwa mkuu.

"Bosi, ni mimi. Yameanza nilipobadilisha mipangilio."

"Una hakika, dada?"

"Hesabu hii hapa."

"Basi rudisha ya zamani upesi, wagonjwa wamejaa ukumbini."

Alirudisha. Makosa yakaanza kupungua, naye akaendelea kuyahesabu.