Ndoo za Mama wa Namba Tisa

Karani alikuwa akimimina chai yake ya saa nne mzee mtunza jengo alipoingia bila hodi, kofia mkononi.

"Mwanangu, mama wa chumba namba tisa ameanguka ngazini na ndoo. Nyonga imevunjika."

Chai ikafurika kikombeni. Tangazo la matengenezo lilikuwa bado ubaoni, safi kabisa: Jumatatu hadi Jumatano, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, maji yatafungwa ili mafundi wabadilishe mabomba. Alilichapa yeye mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya mzee, yenye mistari mitano ya harakaharaka. Wa mwisho ulisema majirani wamjazie mama wa namba tisa ndoo mapema, miguu haimbebi. Karani aliona huo si wa ratiba, akauacha.

"Kosa ni langu," mzee alisema, akijifuta macho. "Walinipeleka kusimamia jengo la pili, sikuwapo kuwakumbusha majirani, na nadhani nilisahau kuliandika lile la ndoo. Kichwa hiki siku hizi ni chujio."

Karatasi ilikuwa ndani ya droo. Karani angeweza kunyamaza. Akaitoa, akaiweka mbele ya mzee.

"Hukusahau, baba. Uliandika. Mimi ndiye niliyeuacha mstari huo."