Bei ya Klaxon ya Tatu

Florentine hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, na hilo alijivunia kuliko sala zake. Kila siku ya soko kule Musienene alikaa juu ya gunia tupu, mikono mapajani, akiwatazama wajinga wakinunua kabichi asubuhi. Yeye alingoja lori. Fuso la kurudi Butembo hupiga klaxon, yaani honi, mara tatu. Ya kwanza, wauzaji hucheka. Ya pili, huanza kukunja turubai. Ya tatu ikilia, kabichi ya elfu moja huwa ya mia tatu, maana nani atapanda mlima na kabichi kichwani? Hapo ndipo Florentine alipoinuka. Watu walimwita Mama Klaxon, naye alilipenda jina hilo.

Mjini Butembo, karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, alikuwa na chumba cha michezo, kompyuta nne na paneli za jua kwenye bati. Tatu hazikupumzika, vijana walipanga foleni kwa ajili ya mpira. Ya nne ilikaa bure kwa kukosa mchezo wake. Hiyo alikuwa amemwekea mdogo wake Jacob, aliyekuwa bado Oicha akichuma kakao pembeni mwa msitu, mahali ambapo watu walikuwa wakichinjwa mashambani huku état de siège, utawala wa kijeshi uliowekwa kuzuia mauaji hayo, ikiingia mwaka wa tatu.

Kila wiki alimpigia simu akimsihi ahame. Jacob alikuwa na kiburi cha baba yao.

"Yaya, sitakuya kukula fufu ya bure kwako," alimwambia dada yake. "Mashine ya ine ipate mchezo, ikuwe kazi yangu, nitakuya siku ile ile."

Mchezo alioutaka ulikuwa wa kuendesha malori makubwa. Nakala ya wizi ilikuwepo, lakini haikuweza kuchezwa mtandaoni, na Jacob alitaka vijana wa Butembo wakimbizane na wale wa Kampala. Dukani, huko kwenye intaneti, uliuzwa dola ishirini. Florentine angelipa, kusema kweli. Ni Jacob mwenyewe aliyemkataza. Alipokuja kwa Noeli, alimkalisha mbele ya skrini na kumfundisha.

"Hapana ununue sasa. Utie mu liste ya bintu tunataka. Siku bei itashuka, duka itatutumia mesaje."

Kisha akamfungulia ukurasa mwingine ulioonyesha bei za miaka yote, mstari unaopanda na kushuka. Mchezo ulipotoka haukupunguzwa kitu. Baadaye ulishuka hadi dola kumi, kisha hadi karibu saba, na kila mara ulikuwa ukirudi ishirini. Duka lilikuwa na masoko yake makubwa, mwisho wa Juni na wakati wa Noeli, na mchezo kadiri ulivyozeeka ndivyo punguzo lilivyozidi. Noeli ile ulisimama kwenye saba.

"Juni itafika tano," alisema Jacob. "Ngoja tu, utaona."

Florentine alifurahi kama aliyekutana na ndugu aliyepotea. Kumbe Wazungu nao wana Musienene yao!

Alhamisi ya mwisho ya Juni ujumbe ukaingia kwenye simu zote mbili, maana barua pepe ya akaunti walikuwa wakiitumia pamoja. Mchezo ulio kwenye orodha yenu umepunguzwa: asilimia sabini na tano. Dola tano. Haujawahi kufika chini hivyo. Jacob alipiga simu kabla Florentine hajamaliza kusoma.

"Tano, yaya! Nilikuambia! Lipa leo, mie nafunga mufuko. Jumapili, siku ya Mungu, niko kwako."

"Soko inafunga lini?"

"Tarehe kumi na tatu, saa moja ya mangaribi. Mais kwa nini unauliza?"

"Basi hiyo ni klaxon ya kwanza," Florentine akasema, huku akicheka. "Ngoja ya tatu."

Jacob akacheka naye, maana alimzoea. "Sawa, Mama Klaxon. Niko nangojea. Nitachuma kakao ya juma mbili tena."

Jioni ile Kasimu alipita. Alikuwa msafirishaji wa Beni, mwenye kadi ya benki aliyoagizia vipuri Dubai, na ndiye aliyekuwa akiwalipia watu vitu vya mtandaoni kwa ujira mdogo. Aliposikia hesabu za Florentine alitikisa kichwa.

"Mama, ile si kabichi. Haiozi, haipande lori. Zamani duka ilikuwa inabadilisha bei kila siku mu soko, donc watu walikuwa wanangoja siku ya mwisho. Waliacha. Sasa bei ya siku ya kwanza njo ile ile ya siku ya mwisho. Nipe tano, tumalize."

Florentine alimtazama mdomo. Mwenye ujira wake lazima aharakishe, alijiambia. Akamjibu kwamba subira huvuta heri. Kasimu akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akaenda zake.

Na hivi ndivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba. Jumamosi ya pili ya soko lile la mtandaoni, wavamizi walitoka msituni wakawakuta watu tisa kwenye kakao. Solange, binamu yao wa Oicha, ndiye aliyepiga simu. Alilitaja jina la Jacob mara moja tu, kisha simu ikabaki na kilio. Florentine alipanda gari la Kasimu mpaka Beni, na hapo wanajeshi wakawarudisha. Barabara ya Oicha ilikuwa imefungwa mpaka msafara upatikane. Siku mbili alikaa uani kwa mke wa Kasimu akingoja. Msafara ulipofika Oicha, Jacob alikuwa amezikwa tangu jana yake. Solange alimkabidhi mfuko wa nguo. Ulikuwa umefungwa kwa kamba, mafundo mawili, tayari kwa safari.

Tarehe kumi na tatu alikuwa amerudi Butembo. Aliwatoa vijana wote, akawasha kompyuta ya nne, akafungua ukurasa wa mchezo. Dola tano. Kando yake saa ya duka ilikuwa ikihesabu kinyumenyume: imebaki saa moja na dakika chache.

Kasimu aliingia, kofia mkononi. "Tulipe, mama?"

"Ngoja."

Alitaka bei ishuke. Alitamani ishuke, hata ifike nne, hata ipungue senti kumi tu. Ikishuka, atakuwa na neno la kumwambia mama yao: nilingoja kwa sababu. Alibonyeza kuufufua ukurasa. Tano. Akabonyeza tena. Nje motokari zilikuwa zikipita, mojawapo ikapiga honi, na bega lake likashtuka. Tano.

"Siku ya kwanza ilikuwa ngapi, Kasimu?" aliuliza, ingawa alijua.

Kasimu alikitazama kiatu chake. "Tano, mama."

Saa moja ya jioni ilipogonga alibonyeza mara ya mwisho. Punguzo lilikuwa limeondoka, bei imerudi ishirini, na chini yake maandishi madogo yalisema mchezo bado uko kwenye orodha yao, watajulishwa utakaposhuka tena.

"Haikushuka," alisema Florentine. "Juma mbili zote, haikushuka hata kidogo."