Mkia wa Kijivu

Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Kuchora nimejifunza kwenye kibanda cha mabango, na nilipofika wizara ya nishati nilikuta watu wana digrii tatu ila hawajui kushika rula. Ndiyo maana walinichukua, kwa mkataba wa miezi sita. Leo saa kumi jioni unaisha, na karatasi ya kuuongeza iko mezani kwa Mkurugenzi, haijasainiwa.

Kazi yangu ni mchoro wa Sankey, ule wa katikati ya kitabu cha nishati cha mwaka. Unaonyesha nishati yote ya nchi kama mito ya rangi: inaingia kushoto, inatokea kulia. Upana wa mto ndio kiasi chake. Sisi tunachora milimita moja kwa petajuli moja, na petajuli ni kipimo tu, usiogope. Kuni na mkaa sabini, mafuta ya magari hamsini, mafuta ya vituo vya umeme sitini. Jumla mia na themanini. Kilichoingia lazima kitoke mahali, hata kama ni moshi. Kwa hiyo kabla mchoro haujaenda kwa mchapaji, mimi na Mtakwimu tunaupima kwa rula, kushoto na kulia, kisha kila mmoja anaweka herufi za mwanzo za majina yake pembeni. Bila herufi mbili, hakichapwi kitu.

Mkurugenzi aliingia ameushika mchoro kama nepi chafu.

"Kijana, huu mkia wa kijivu ni wa nini?"

"Hasara, mzee. Vituo vinakula sitini, umeme unatoka ishirini na mbili. Thelathini na nane ni joto, linapaa. Halafu nyaya zinakula nne nyingine. Kwa mteja zinafika kumi na nane."

"Na huku kwenye magari?"

"Hamsini zinaingia, kumi na moja ndizo zinazosukuma magurudumu. Zilizobaki zinatoka kwenye ekzosi na rejeta. Ukikaa kwenye foleni injini inanguruma, unachoma mafuta husogei."

Alivuta kiti. Kesho kamati ya Bunge inakuja kuamua kama tujenge kituo cha tatu cha mafuta, cha aina ileile ya vile viwili. Alinisemesha polepole, kama anamlisha mgonjwa uji.

"Huo mkia wa vituo uwe nane. Wa magari utoe, andika hamsini zote zimefanya kazi. Joto ni maumbile, mwanangu. Hakuna injini isiyopoteza."

"Kweli, hakuna. Basi tuandike. Kuna vituo vinaokota joto lao na kugeuza nusu nzima ya mafuta kuwa umeme. Wasipouona mkia wataulizaje?"

"Wewe ni mchoraji au mbunge?"

"Mchoraji. Ishirini na mbili na nane ni thelathini. Upande huu zimeingia sitini. Nyingine thelathini nizifiche mfukoni kwako?"

Mtakwimu alikohoa kicheko. Ni mama wa makamo, amebakiza miezi minne kustaafu, na tangu asubuhi alikuwa hajainua macho kwenye kompyuta yake.

"Basi hata za kuingia zifanye thelathini," alisema Mkurugenzi. "Si utalingana?"

Hapo ndipo alipokosea. Kitabu hiki hakisomi zaidi ya salamu yake ya ukurasa wa kwanza.

"Mzee," Mtakwimu alisema, "ukurasa wa tisa forodha wameandika mafuta ya vituo ni sitini. Umeshachapwa. Kamati watafungua tisa, watafungua huku, watakuuliza nusu ya mafuta umeyapeleka wapi. Hasara ya joto inasameheka. Mafuta yasiyojulikana yalipo, hayo yana kesi."

Mkurugenzi alisukuma kiti nyuma. Kisha akanigeukia mimi, maana mnyonge wa kuonewa hakosekani.

"Herufi zako weka kwenye mchoro ninaoutaka mimi, au huo mkataba usahau."

"Siweki. Nimeacha shule, sijaacha kuhesabu."

"Dada," akamwambia Mtakwimu, "mwambie mdogo wako asijichimbie kaburi."

Mama akasogea mezani kwangu. Akaweka rula kushoto, akasoma kwa sauti: mia na themanini. Akaweka kulia, akajumlisha mito mmoja mmoja, mikia na yote: mia na themanini. Akaandika herufi zake, akanipa kalamu.

"Mdogo wangu huyu simkatazi," alisema. "Saini, baba."

Nikasaini.

"Saa kumi ikigonga sitaki kukuona humu," alisema Mkurugenzi, akatoka bila kufunga mlango.

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Niliuingiza mchoro wenye herufi zetu kwenye kompyuta, maandishi ya ule mkia nikayakuza mara mbili: JOTO LILILOPOTEA, 38. Nikaandika na ule wa magari, 39, kisha nikautuma mchoro kwa mchapaji.