Balbu Inayotakiwa Kulowa

Binamu yangu tulimwita Kamusi, na si kwa sababu anajua maneno mengi. Ni kwa sababu ukimfungua popote anaanza kusomeka. Tulifanya kazi pamoja kwenye duka la steshenari, mimi nikichapa na kutoa kopi, yeye akitafsiri barua za wateja na kuwasahihishia makosa bila kuombwa. Ni mtoto wa shangazi yangu, yaani mtani wangu halali, kwa hiyo nikimcheka nisihukumiwe.

Huyo shangazi ndiye aliyekishawishi kikundi chao cha wafuga kuku kinunue mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine ikaja na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza, kinene kama tofali. Mayai ya kwanza yakaharibika yote. Mwenyekiti wao, mwanamke asiyepoteza maneno, akatoa hukumu palepale: "Tunajaribu mara moja tu. Yakioza tena, mashine inauzwa, na wewe mwenzetu utapumzika kutushauri."

Shangazi akaja dukani na tofali lake.

"Wanangu, nataka ukurasa mmoja wa Kiswahili, niubandike pale ukutani. Tunakaa zamu, na si kila mtu ana macho ya kusoma yote haya."

"Kazi ndogo, mama," Kamusi akasema. Kazi ikiwa ndogo kwake, jiandae.

Akakifupisha kitabu, akauchapa ukurasa, akaupitisha kwenye laminesheni uvikwe plastiki, akampelekea mama yake. Mayai mapya yakaingia mashineni. Siku chache baadaye Mwenyekiti akaagiza kopi ya pili. Nikiwa nasubiri laminesheni ipate moto, nikausoma ule ukurasa.

"Siku ya saba, washa mishumaa kwenye mayai."

"Kamusi, mayai yanasherehekea nini?"

"Usinicheke. Neno lililomo kitabuni limetoka kwenye mshumaa. Fungua uone."

Nikashuka chini kidogo. "Siku tatu za mwisho, funga kwa kufuli."

"Na hapa? Vifaranga watatoroka?"

"Kufupisha kitabu si sawa na kufupisha suruali, binamu. Waachie wenyewe."

Lakini mstari uliofuata ulinikata kicheko: "Hakikisha balbu imelowa maji muda wote." Mashine ile inapata joto kutoka kwenye balbu mbili za umeme.

"Hivi wewe ile mashine umewahi kuiona ndani?"

"Nimeona picha yake kwenye jalada," akasema, sauti ikiwa imepungua mori.

Nikampigia Shangazi, simu ikaita mpaka ikachoka. Tukafunga duka, tukatimua mbio, Kamusi akiwa na tofali kwapani.

Tukamkuta kwenye chumba cha mashine. Mlango wa mashine wazi, yeye juu ya kigoda, kikombe cha maji mkononi, ameulenga mkono kwenye balbu iliyokuwa ikiwaka.

"Shangazi, acha!"

Akashtuka, maji yakamwagikia Kamusi kifuani. Hasara nyingine haikuwepo.

"Niache nini? Si nyie mmeandika ilowe? Nimeikuta kavu, tena ya moto!"

"Ukiimwagia hiyo itapasuka, na umeme ukurushe mpaka kwa Mwenyekiti."

Akashuka, akakaa kwenye kigoda. "Na mishumaa nimeshanunua, kesho ndiyo siku ya saba. Muuza duka akaniuliza kama kuna harusi."

Kamusi akafungua kitabu, akakisogeza mpaka kwenye mashine, akaanza kusoma mchoro na kugusa kila kitu kwa kidole. Ndani mlikuwa na vipimajoto viwili vimesimama kama pacha. Mchoroni, pacha mmoja alikuwa amevishwa kitambaa kwenye ncha yake ya chini.

"Mama, hiki cha pili hakikuwa na kitambaa?"

"Kale kasoksi? Kalikuwa kachafu. Nilikavua jana, nikakafua. Kako kwenye kamba."

Kamusi akajipiga paji la uso. "Hiyo ndiyo balbu! Ile ncha yenye kimiminika nayo Kiingereza huiita balbu. Kinacholowa ni utambi wake, hako kasoksi."

Akatueleza taratibu, safari hii akituonyesha. Maji yakikauka kwenye kitambaa huipoza ncha, kwa hiyo kipimajoto hicho husoma chini kuliko pacha wake. Hewa ikiwa kavu, tofauti huwa kubwa. Ikiwa na unyevu mwingi, hukaribiana. Kitambaa kisipokuwepo, vyote viwili husoma sawa, ukadhani mashine imejaa unyevu.

"Ndiyo maana!" Shangazi akaruka. "Jana vilisoma sawa, nikaona unyevu umezidi, nikamwaga maji ya kwenye trei ya unyevu!"

Kasoksi kakarudi kazini, trei ikajazwa, mlango ukafungwa. Kisha tukakaa sakafuni kuandika upya, na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza.

"Kipimajoto kilowevu," Kamusi akasema.

"Kipimajoto cha soksi," nikasema mimi.

"Ukiandika soksi, wa zamu atakivisha ya mwanafunzi."

"Andikeni jina la kitabuni, halafu mseme ni kile chenye kitambaa," Shangazi akaamua. "Mtu wa duka la vipuri aelewe, na mimi nielewe."

Ikawa hivyo kwa kila neno. Kuwasha mishumaa kukawa kumulika mayai kwa tochi gizani, ili kuona kama kuna mishipa ya damu; zamani mshumaa ndio uliotumika, jina likabaki, mshumaa ukastaafu. Maji ya kulowesha kitambaa yalituchosha zaidi. Kamusi alitaka "maji yaliyokenekwa", Shangazi akamtazama kama aliyemtukana. Mimi nikasema "maji ya betri", Kamusi akaruka: kuna watakaoleta asidi. Tukaandika yote: maji yaliyokenekwa, yale safi ya kuongezea betri, asidi hapana. Nambari za joto hatukuzigusa. Kamusi alikuwa amezigeuza kutoka Farenhaiti sawasawa tangu mwanzo, na alihakikisha tunalijua hilo.

Kufuli, ambalo kwa Kiingereza cha kitabu lilimaanisha tu mlango usifunguliwe, tukalifuta. "Siku tatu za mwisho: usigeuze mayai, ongeza unyevu, usifungue."

"Haitoshi," Kamusi akasema. "Waambiwe na sababu."

"Ukurasa umejaa, bwana."

"Basi punguza jina la duka letu pale chini."

Nikalipunguza, roho ikiniuma.

Siku ya mwisho kikundi kizima kilijazana chumbani. Ndani ya mayai kulisikika piii, piii, na kupitia kioo tukaona yai moja limetoboka. Kifaranga akatoa mdomo, akatulia. Akatulia sana. Mwenyekiti akashika kitasa.

"Anakufa huyu! Tumsaidie kuvunja."

"Soma kwanza, mama mwenyekiti," Shangazi akasema, akionyesha ukutani.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti, kama anayesoma mashtaka: "Ukifungua, unyevu hutoka. Ngozi ya ndani ya yai hukauka, ikamnasa kifaranga. Akipumzika baada ya kutoboa, ni kawaida. Anaweza kupumzika kwa saa nyingi."

Akaachia kitasa. "Saa nyingi?"

"Nyingi," Kamusi akasema. "Nimeangalia mara tatu."

Mwenyekiti akavuta kigoda, akaketi mbele ya kioo. Jioni yule kifaranga akalikata yai mduara, akalisukuma, akatoka amelowa, mbaya kweli, na chumba kikapiga vigelegele kana kwamba amehitimu chuo kikuu. Mpaka asubuhi sakafu ya mashine ilikuwa imejaa wenzake. Mayai yaliyobaki kimya yalikuwa machache, ya kuhesabu kwa mkono mmoja.

"Mashine haiuzwi," Mwenyekiti akasema, na Shangazi akakaa chini ghafla kama aliyetua mzigo wa kuni. "Sasa vifaranga wanataka chanjo, na karatasi yake ni ya Kiingereza. Nani alifupisha hii ya ukutani?"

"Mimi," tukajibu wote wawili.

Akampa Kamusi ile karatasi. Nikasubiri aseme kazi ndogo. Akaikunjua, akaigeuza huku na huku, halafu akamtazama Mwenyekiti.

"Chupa yenyewe ya chanjo iko wapi? Niione kwanza."