Mifupa ya Fatna

Julai ya mwaka 1954 ilikuwa na baridi kali Kibra, na miguu ya Fatna ikaanza kumuuma tena. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake, Mabrouka, alikuwa ameuona ugonjwa huo tangu Fatna akiwa mchanga. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba chembe za damu yake hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na kwamba dawa ya kuuondoa haipo.

Mabrouka akafanya alilolijua. Alimfunika blanketi mbili, akamkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto, akamnywesha maji na uji mwepesi kila mara, na hakumruhusu kuinuka.

"Mama, ni kama mtu anaivunja mifupa yangu," alisema Fatna.

"Najua, mwanangu," alijibu Mabrouka, ingawa hakujua.

Siku ya tatu asubuhi mwili wa Fatna ulichemka, kifua kikamchoma, akawa anahema kwa shida. Mabrouka akamwita mumewe, Mahdi.

"Hii si ya nyumbani tena. Daktari alisema, kifua na homa tusingoje."

Majirani wanne walimbeba kwa kitanda hadi barabarani, wakapata lori la kwenda mjini. Hospitalini alitiwa maji ya mshipa, penisilini na hewa ya mtungi. Mabrouka alikaa kando, mikono mitupu mapajani, akimsikiliza mwanawe akipumua.

Baada ya siku kumi Fatna alirudi nyumbani. Agosti, mkono ukaanza kumuuma.