Maneno ya Baada ya Aksanti

Ukitaka kujua mtu anaficha nini kwenye kazi yetu, angalia anavua écouteurs masikioni saa ngapi. Lydie Kalenga alikuwa anazivua mapema mno. Simu iliyorekodiwa ina dakika saba. Yeye dakika mbili tu, chwap, ameshazitundika shingoni na kalamu yake inaandika. Mimi nilikuwa bado nasikiliza mwanamke anakohoa na jogoo wake anawika.

"Tantine Ngoie, mbona unaniangaliaka sana leo?"

"Minyi naangalia dirisha, mutoto wangu. Dirisha iko nyuma yako."

Nilikuwa namwangalia yeye, na nilikuwa na sababu. Shirika moja lilitujengea robine kumi na mbili za maji hapa Kamina, kisha likawapigia simu watu mia moja themanini wanaochota hapo. Swali la tano lilikuwa: ni nini kinakutatiza kwenye robine? Watu walijibu walivyotaka, wengine kwa Kiswahili, wengine wakateleza katika Kiluba katikati ya sentensi. Sisi wawili tulitakiwa tugeuze maneno hayo yote kuwa hesabu. Kila jibu lilikuwa na namba yake, kode: foleni ndefu, maji machafu, robine iko mbali, mwenye ufunguo anafungulia watu wake kwanza, hakuna tatizo. Mwishoni, chini ya jedwali, tuweke maneno matatu au manne ya watu wenyewe, ili wakubwa wasiishie kusoma namba tu.

Sasa, mwenye ufunguo wa robine tatu kubwa za cité, mitaani kwetu, ni nani? Papa Kalenga, prezida wa komite ya maji. Na Papa Kalenga ni baba mdogo wa nani? Ndiyo hapo.

Siku ya Alhamisi asubuhi patron wetu, Papa Albert Mwanza, alituita mezani kwake. Amefundisha hesabu miaka ishirini kabla ya kufungua ofisi hii ya vyumba viwili karibu na nyumba za reli, na bado anashika kalamu kama chaki. Kabla ya kuendelea na simu zote, alikuwa ametupa simu thelathini zile zile, kila mmoja asikilize peke yake na kujaza fishi zake, karatasi za kode, bila kuona za mwenzake. Watu wawili wakisikia sauti moja, alisema, waandike kode moja, angalau mara tisa kwa kumi. Vinginevyo hesabu si hesabu, ni maoni ya aliyesikiliza.

"Kode ya ufunguo," akasoma. "Mama Ngoie, kumi na moja. Lydie, mbili."

Nje, mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki.

"Hakuna tatizo. Mama Ngoie, nne. Lydie, kumi na saba."

Nikaweka mkono mdomoni. Lydie aliangalia fishi zake kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kikapu cha unga.

"Patron, minyi nilisikiliza vile ulituonyesha."

"Mumoja kati yenu anasikia mambo yasiyo humo, ao mumoja hasikii mambo yaliyo humo," Papa Mwanza akasema. "Shirika litaamua juu ya hii rapport kama komite ibakie ao bachague ingine. Sitapeleka uongo kwa jina yangu. Kesho saa sita munipe maelezo. Lydie, kama haiko, utabakia kwenu, kazi imeisha."

Hakuniambia mimi nitabakia kwetu. Nililiona hilo, na nikafurahi. Mungu anisamehe.

Sasa mniulize kama nilinyamaza. Nyumba yangu haijawahi kuwa na watu chini ya sita. Mchana ule alikuwepo Shekina, jirani yangu, anayeuza samaki wa Bukama na habari za Bukama kwa bei moja. Alikuwepo Mama Kapenda, na wengine walioingia kuomba moto wakasahau kutoka. Sikutaja jina. Nilisema tu kwamba kuna mtoto wa mtu fulani, ofisini fulani, anazika sauti za watu ili baba yake mdogo abaki na ufunguo.

"Aah! Kalenga!" Shekina akapiga makofi. "Nilisema! Si nilisema? Batu banapigiwa simu, banasema ukweli, kumbe ukweli inakufia mu masikio ya Lydie!"

"Na ile sura yake ya kanisani," Mama Kapenda akaongeza. "Huyo Kalenga anatufungiaka robine mbele ya macho. Bidoni yangu ya mayi inabakia pale hata jua inakuwa hapa."

"Umesikia? Na weye balikupigia simu, hapana?"

"Balinipigia!"

Nilijua. Sauti yake ilikuwa namba ishirini na mbili katika zile thelathini. Haturuhusiwi kusema, lakini masikio yangu hayajui sheria.

Ijumaa, kabla hata sijaketi, Papa Kalenga alikuwa mlangoni pa ofisi. Hakupiga kelele. Kofia mkononi, akanisalimia, akauliza watoto, akauliza mguu wa mume wangu, akashukuru kwa uji niliompa mke wake mwaka alipolazwa. Alipogeuka kuondoka ndipo akasema, "Mama Ngoie, nasikia jina ya mutoto wangu inatembea ku avenue. Haina miguu yake yenyewe. Kwiko mwenye aliibeba." Akavaa kofia akaenda.

Nikajiambia: vizuri, basi nitaleta ushahidi. Nikachukua fishi za Lydie, nikavuta kiti hadi kwenye kompyuta yake.

"Tusikilize pamoja," nikamwambia. "Namba saba. Uliandika hakuna tatizo. Minyi nimeandika ufunguo."

Macho yake yalikuwa mekundu. Alifungua karatasi iliyokuja na rekodi, ambapo wapiga simu wa shirika kule Lubumbashi waliandika kila swali linaanza dakika gani na kuisha dakika gani. Swali la tano: dakika ya tatu hadi ya nne. Akaenda moja kwa moja pale, kama patron alivyotuonyesha.

*Tatizo? Aah, hapana. Mayi iko. Tunashukuru Mungu, tunashukuru bale balitujengea. Muzuri kabisa.*

Lydie akasimamisha. "Hakuna tatizo. Njo vile alisema."

"Ah non! Acha iendelee!"

"Kuendelea wapi? Kiisha pale ni swali ya sita, juu ya choo."

"Acha tu."

Tukapita choo, tukapita umri, tukapita watu wangapi nyumbani. Mpiga simu akasema ni hayo tu, aksanti sana mama. Yule mwanamke naye akasema aksanti. Kisha, kama mtu aliyeshafika mlangoni akakumbuka, akasema: *Lakini baba, nikuambie... ule wa ufunguo, anafungulia ba kwake kwanza. Siye tunaangalia tu. Haya, Mungu akubariki.*

Lydie akavua écouteurs taratibu sana.

"Namba kumi na mbili," akasema mwenyewe.

Kumi na mbili, vivyo hivyo. Kumi na tisa, vivyo hivyo. Shukrani kwanza, salamu, watoto, Mungu. Na mwiba baada ya aksanti. Nikamkumbuka Papa Kalenga na kofia yake asubuhi ile. Nani hapa kwetu anaingia nyumba ya mtu na lawama mdomoni? Lydie alikuwa amefuata maagizo neno kwa neno, akafunga mlango kabla mgeni hajasema kilichomleta. Mimi nilisikia kwa sababu sijawahi kukata maongezi ya watu kabla hayajaisha.

Ningesimama hapo, ningekuwa shujaa.

"Namba ishirini na mbili," Lydie akasema. "Tantine uliandika ufunguo."

Tukasikiliza yote. Mama Kapenda alishukuru. Alieleza choo. Alisema aksanti, akaaga, akakata. Tukarudia. Hakuna ufunguo. Hakuna hata neno bidoni.

"Labda iko mu Kiluba," nikasema.

"Hakuna Kiluba humo, tantine."

"Lakini aliniambia! Jumapili, ku mulango ya kanisa! Na jana, kwangu, bote balisikia!"

Lydie alinitazama. Hakucheka, na ingekuwa afadhali acheke. "Jumapili haiko mu rekodi," akasema. "Ya jana nayo haiko mu rekodi. Ni weye njo uliongeza."

Mtu pekee katika ofisi ile aliyeandika kitu ambacho hakikusemwa alikuwa mimi.

Saa sita tuliingia kwa Papa Mwanza. Nilimwacha Lydie aeleze habari ya dakika, kisha nikasema yangu mwenyewe, haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Papa Mwanza akazungusha kalamu.

"Kwa hiyo fishi za Lydie ni za kweli na kanuni yangu ni mubaya. Na masikio ya Mama Ngoie ni mazuri na mukono wake ni mubaya."

"Ndiyo, patron."

"Mutoto anabakia. Na weye unabakia, lakini simu ya mutu unayemujua sauti, unampa Lydie. Bila kusema jina."

Akaandika kanuni upya: simu isikilizwe tangu salamu ya yambo hadi inapokatwa, lalamiko la robine lihesabiwe popote liliposemwa, anayetaja mambo mawili apewe kode mbili, "hakuna tatizo" ni kwa yule tu ambaye hakulalamika hadi mwisho. Kwenye thelathini, ufunguo ukawa kumi na hakuna tatizo tano. Safari hii fishi zetu zilifanana. Tukarudi mwanzo, zote mia moja themanini.

Ilichukua wiki mbili. Watu sitini na mmoja walitaja ufunguo, hamsini na wanane foleni. Chini ya jedwali Papa Mwanza akaandika kwamba majibu yanazidi idadi ya watu kwa kuwa mtu aliruhusiwa zaidi ya jibu moja. Kwa maneno ya watu wenyewe, nilitaka ya yule mzee aliyemwita Kalenga fisi mwenye kofia. Matamu sana, lakini ni mmoja tu aliyesema hivyo. Lydie akachagua yale ya namba saba, yanayofanana na ya wengine wengi, pamoja na jibu la mtu aliyeridhika kweli, na moja la foleni. Akatoa majina na avenue. Kisha akapiga mwenyewe kwenye kompyuta: ufunguo, 61. Jumapili hiyo hakuketi benchi moja na baba yake mdogo. Sijui nani alimkimbia mwenzake.

Mimi nilikuwa na deni la maneno. Nikawaita wote nyumbani, Shekina, Mama Kapenda, hata wa kuomba moto, nikasema wazi: Lydie hakuzika kitu. Alihesabu vizuri. Mimi ndiye niliyeongeza.

Wakaanza kuinuka. Nyumba yangu, watu wanakumbuka kutoka!

"Mama Ngoie," Shekina akasema, akikusanya kikapu chake, "Kalenga alifika ku ofisi yenu Ijumaa. Batu balimuona."

"Alinisalimia tu!"

"Ndiyo. Alikusalimia, na sasa Lydie hana kosa." Akamtazama Mama Kapenda, Mama Kapenda akatazama sakafu. "Aksanti ya kutuambia, mama. Tunashukuru."

Wakatoka mmoja mmoja. Nikasimama mlangoni nikisubiri watakachosema baada ya aksanti, lakini walikuwa wameshafika barabarani, vichwa pamoja.