Iliyoanguka Haikuwa na Betri

Marehemu mume wangu alikuwa fundi simu. Alizoea kusema, "Usiulize bei ya simu kabla hujauliza bei ya kioo." Nilikuwa nikimcheka.

Binti yetu ana pumu. Baba yake ndiye aliyekuwa akimchukua shuleni. Sasa anarudi peke yake. Nilitaka simu ambayo siku kifua kitakapombana itakuwa hai. Basi.

Shemeji, mdogo wake marehemu, akanipeleka dukani kwa rafiki yake anayeitwa Chuma.

"Karibu dada! Hii hata gari likiikanyaga, inauliza, 'Umemaliza?'"

Chuma akatoa kabatini simu ya kioo kipana, akaiangusha sakafuni. Ikadunda, bila ufa. Shemeji akapiga makofi. Niliona ameyapiga mapema mno.

Kilichonitia shaka ni mlio. Ilianguka kama kopo tupu, na mimi nimesikia simu zikianguka mezani kwa mume wangu miaka kumi na miwili. Nikaiokota. Nyepesi kama kiberiti.

"Hili ni ganda la maonyesho, ndani hamna kitu. Angusha iliyo kwenye boksi."

"Ah, dada, mpya haiangushwi!"

"Kwani si chuma?"

Shemeji akakohoa.

"Kioo kikivunjika, bei gani?"

"Karibu nusu ya simu. Lakini hakivunjiki."

"Na chaji?"

"Siku mbili."

"Akiitumia, au akiitazama?"

"Shemeji, unaniaibisha," mdogo wa marehemu akaninong'oneza.

"Wewe umeahidiwa nini hapa?"

Akatazama viatu vyake.

Nikaonyesha simu ndogo ya vitufe iliyojaa vumbi. Betri yake hutoka kwa ukucha na huuzwa kila kibanda. Nikasema naiangusha mwenyewe, ikifa, nalipa. Nikaiachia kutoka usawa wa sikio la mtoto. Mfuniko huku, betri kule.

"Umeona!" Chuma akafurahi.

Nikaipachika, nikabonyeza. Ikawaka. Vipande vinavyoachana huondoka na nguvu ya kishindo. Hilo nalo nilifundishwa nyumbani.

Hata hivyo sikuiamini. Niliinunua, nikaiacha kabatini nyumbani imewashwa siku nne. Siku ya tano bado ilikuwa na chaji, nikampa binti.

"Mama, hii? Wenzangu watanicheka."

"Wacheke, mradi wakupishe upige."

Wiki ya tatu, mchana, simu yangu ikaita. "Mama. Kifua." Kisha pumzi tu.

Nilikimbia njia ya shuleni na dawa yake ya kuvuta ya akiba. Nilimkuta kwenye benchi nje ya duka la vitabu, ile ya mkobani imekwisha. Alipovuta mara ya pili mabega yakaanza kushuka. Simu ilikuwa mapajani, haina mfuniko, betri imefungwa kwa mpira wa nywele.

"Imeanguka mara ngapi?"

Hakuweza kusema bado. Akaninyooshea vidole vya mkono mmoja, akafikiri, akaongeza wa pili.